Kabohaidreti ya kutoa: namba ambayo hakuna aliyeipima

Ukifungua jedwali la virutubishi ukakuta soya kavu ina gramu 12.0 za kabohaidreti inayotumika mwilini kwa kila gramu 100, ni rahisi kudhani kuna mtu maabara aliyeipima. Mara nyingi hakuna. Vilivyopimwa ni vitu vingine vyote, vikatolewa kwenye 100, na kilichosalia kikaitwa kabohaidreti. Katika majedwali yanayotumia alama za INFOODS, mtandao wa kimataifa wa data za vyakula, namba hiyo huandikwa CHOAVLDF:

```
CHOAVLDF = 100 - (WATER + PROCNT + FAT + ASH + ALC + FIBTG)
```

Yaani maji, protini, mafuta, majivu, kileo na nyuzinyuzi. Kila kosa la vipimo hivyo huhamia kwenye jibu, na chochote ambacho hakikupimwa huhesabiwa humo kana kwamba ni wanga au sukari.

Tuifanyie hesabu hiyo soya, kwa namba za mfano. Maji gramu 8.5, mafuta 20.0, majivu 5.0, kileo hakuna, nyuzinyuzi 18.0. Protini yenyewe haipimwi: maabara hupima naitrojeni, kisha huzidisha. Ikiwa naitrojeni ni 6.4, kizidishi maalumu cha soya, 5.71, kinatoa protini 36.5. Jumla ni 88.0, kwa hiyo kinabaki 12.0. Sasa tumia kizidishi cha jumla cha 6.25, ambacho huchukulia kwamba protini ina asilimia 16 ya naitrojeni. Protini inapanda hadi 40.0, na kabohaidreti inashuka hadi 8.5. Soya ni ileile na kipimo ni kilekile. Kibaya zaidi, nishati haikutonyi, kwa sababu kwa vizidishi vya jumla gramu ya protini na gramu ya kabohaidreti zote huhesabiwa kilokalori 4. Gramu 3.5 zimehama safu bila jumla ya kilokalori kubadilika.

Upande wa nyuzinyuzi ndiko ninakoona hatari kubwa zaidi. Soya ina rafinosi na stakiosi, sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Mbinu ya zamani kati ya mbinu rasmi za maabara za shirika la AOAC, yaani AOAC 985.29, hukusanya nyuzinyuzi kwa kuzigandisha kwenye ethanoli ya takriban asilimia 78. Sukari hizo huyeyuka katika kimiminika hicho na kumwagwa pamoja nacho. Hazikuhesabiwa kama nyuzinyuzi, basi kwenye kutoa zinaibuka kama kabohaidreti inayotumika. AOAC 2009.01 huzinasa. Tuseme ni gramu 4: nyuzinyuzi zinakuwa 22.0 na jibu linashuka kutoka 12.0 hadi 8.0. Ukiunganisha na kizidishi cha 6.25, linafika 4.5. Kati ya 4.5 na 12.0, hakuna aliyekosea kupima hata mara moja.

Juu ya hayo kuna mtawanyiko wa kawaida wa vipimo. Tuuweke kuwa 0.3 kwa maji, 0.5 kwa protini, 0.4 kwa mafuta, 0.1 kwa majivu na 1.5 kwa nyuzinyuzi. Makosa yasiyotegemeana hujumlishwa kwa vipeo vyake vya pili, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla: hapa ni karibu 1.7, na karibu yote yametoka kwenye nyuzinyuzi. Kwa unga wenye kabohaidreti 75, hiyo ni takriban asilimia 2, haisumbui. Kwa 12.0 ni asilimia 14. Ndiyo maana nyama, jibini na mbegu zenye mafuta hutoa majibu ya ajabu, wakati mwingine hasi, nayo mara nyingi huandikwa sifuri.

Lakini kinachonikera hasa ni kwamba njia hii huua ukaguzi wake yenyewe. Kabohaidreti ikipimwa moja kwa moja, kwa kujumlisha wanga na sukari, unaweza kujumlisha safu zote na kutazama: kati ya 97 na 103 ni vizuri, 95 hadi 105 yavumilika. Ikipatikana kwa kutoa, jumla ni 100 daima, hata kama maji yametoka kwenye sampuli moja na nyuzinyuzi kwenye nyingine yenye unyevu tofauti.

Turudi kwenye soya yetu, tuseme sukrosi na wanga vimepimwa vikatoa 6.5. Jumla kwa mbinu ya zamani ya nyuzinyuzi ni 94.5, kengele inalia. Kwa mbinu mpya ni 98.5, na kilichopungua kinaelezeka, maana asidi ogania na viambato vingine vya mmea havikupimwa. Hata hivyo ukaguzi huu nao una mwanya: mbinu ya zamani pamoja na kizidishi cha 6.25 hutoa 98.0, kosa moja likiziba jingine. Kwa hiyo kabla ya kuiamini safu ya kabohaidreti, tafuta kwanza kizidishi cha naitrojeni kilichoandikwa chini ya alama ya XN, kisha jina la mbinu iliyopima nyuzinyuzi.