Dagaa wa Kigoma, wahakiki wa jimeili na marejeo ya kundi moja: ni ujanja au ni udogo wa fani?

"Kaka shikamoo. Jarida limeturudishia pepa yetu ya dagaa wa hapa Kigoma, wanasema wahakiki tuliowapendekeza wanatia mashaka na marejeo yetu yanazunguka kundi moja la watu. Hatujanunua kitu wala kuiba cha mtu. Hizi dalili zao zina haki kweli au wanatuonea watu wa huku?"

Marahaba mdogo wangu. Dalili zenyewe ni za kweli na zina sababu, ila kuzichukua peke yake na kumrudishia mtu kazi bila kumuuliza chochote hiyo ndo sikubaliani nayo. Sasa ili uone kwa nini mhariri ameshtuka inabidi ujue kwanza yaliyomkuta.

Nianze na wahakiki. Majarida mengi ukituma pepa yanakuomba upendekeze watu wawili watatu wa kuihakiki, unajaza jina, chuo na imeili, basi. Na hapo kwenye imeili ndo mlango ulipokuwa wazi, maana mfumo unatuma mwaliko kwa anuani uliyoandika wewe, hauendi kumtafuta huyo profesa kwingine. Kuna mtafiti wa mimea ya dawa wa Korea Kusini, Hyung-In Moon, kesi yake iliibuka 2012 na inajulikana dunia nzima. Alikuwa anapendekeza wahakiki, wengine majina ya wanasayansi wa kweli kabisa, wengine majina ya kubuni, ila zile imeili zilikuwa zinarudi kwake mwenyewe au kwa wenzake, kwa hiyo pepa anaandika yeye na uhakiki anaandika yeye. Tena hakuwa mjinga wa kusifia tu, maoni yalikuwa mazuri lakini yanaomba na marekebisho madogo madogo hapa na pale ili yafanane na uhakiki wa kawaida. Kilichomshtua mhariri si maneno, ni muda: majibu yalikuwa yanarudi ndani ya saa 24. Mtu yeyote aliyewahi kuhakiki pepa anajua kwamba hata ukiwa na nafasi unachukua wiki, mara nyingi unakumbushwa mara mbili ndo unajibu. Alipobanwa akakiri, na pepa 28 za majarida ya mchapishaji mmoja zikaondolewa.

Baadaye ikaonekana si mtu mmoja mmoja tu. Mwaka 2015 wachapishaji wa majarida BioMed Central waliondoa pepa 43 kwa mkupuo kwa sababu ya wahakiki wa kutunga, na zamu hii dalili zilielekea kwa mawakala wanaolipwa kusaidia watu kuandika na kutuma pepa, wao ndo walikuwa wanaambatanisha na majina ya wahakiki wenye imeili za uongo. Hapo ndo wahariri wakaanza kuogopa kila anuani ya jimeili au yahoo kwenye ile fomu, na wengine wakaizima kabisa sehemu ya kupendekeza.

Sasa geuza upande wa pili uangalie kutokea huku kwetu. Watafiti wangapi unaowafahamu Kigoma au Tabora wanatumia imeili ya taasisi kila siku? Seva ya ofisi ikizima wiki nzima hakuna wa kuiwasha, mtu akihamishwa kituo au mkataba wa mradi ukiisha ile anuani inakufa naye, kwa hiyo jimeili ndo anuani pekee ambayo mtu ana uhakika atakuwa nayo miaka mitano ijayo, na ndo hiyo wengi wanaiweka hata kwenye pepa zao zilizochapishwa. Ukisema jimeili ni dalili ya udanganyifu basi umewatia hatiani watafiti wa Uvira, Bujumbura, Mpulungu na Kigoma kwa pamoja kabla hujasoma mstari mmoja wa kazi yao. Na cha kusikitisha zaidi, mjanja aliyejipanga anaweza kununua jina la mtandao linalofanana na la chuo, akabadilisha herufi moja tu, akapita, wakati mkweli mwenye jimeili anabaki mlangoni.

Kwa hiyo mimi naona swali la maana si jimeili au si jimeili, swali ni je, anuani hii inaonekana mahali pengine ambapo mwandishi hakuiandika yeye? Kama imechapishwa kwenye pepa ya huyo mhakiki ya miaka miwili iliyopita, au iko kwenye ukurasa wa taasisi yake, basi ni yake. Ni kazi ya dakika kumi kwa mhariri. Kama haionekani popote, na kuna wahakiki watatu waliopendekezwa ambao anuani zao zimeundwa kwa mtindo uleule, na wote wanajibu siku hiyohiyo, hapo hata mimi ningesimamisha ile pepa.

Nije kwenye marejeo, maana hapa ndo kuna utamu wa hesabu. Mwaka 2010 kuna makala ya mapitio ilitoka kwenye jarida la Medical Science Monitor ikiwa na marejeo 490. Kati ya hayo, 445 yalikwenda kwenye jarida moja, Cell Transplantation, na yote 445 yalikuwa ya pepa za 2008 na 2009. Kati ya 45 yaliyobaki, 44 yalikwenda kwenye lilelile jarida lililochapisha makala, nayo ya 2008 na 2009. Waandishi watatu kati ya wanne walikuwa kwenye bodi ya uhariri ya Cell Transplantation. Kwa nini miaka hiyo miwili tu? Kwa sababu impakti fakta, ile namba ya kupimia hadhi ya jarida, ya mwaka 2010 inahesabiwa hivyo: unachukua mara ngapi pepa za 2008 na 2009 zimerejelewa ndani ya 2010, unagawa kwa idadi ya pepa hizo. Rejeo la pepa ya 2005 haliongezi kitu kwenye hesabu hiyo. Kwa maana hiyo yale marejeo hayakuwekwa kumsaidia msomaji, yaliwekwa kupandisha namba.

Genge la kurejeleana huwa hivyo, na ndo maana halionekani ukiangalia jarida moja peke yake. Jarida likijirejelea lenyewe sana inaonekana haraka, kwa hiyo wanapitishia kwa jirani, wewe unanirejelea mimi, mimi namrejelea yule, yule anakurejelea wewe, kila mmoja ukimtazama peke yake ni msafi.

Sasa chukua pepa yenu. Tuseme ina marejeo 40 na 25 ni ya watu wa Ziwa Tanganyika. Kwa mashine inayohesabu tu hilo ni kundi linalorejeleana, na kweli ni kundi, kwa sababu wanaosoma dagaa wa ziwa hili ni wachache, wako kwenye vituo vichache vya nchi nne, wamefanya miradi pamoja, wamefundishana. Utamrejelea nani mwingine kuhusu dagaa wa hapa, mtu wa Bahari ya Hindi? Lakini angalieni miaka ya hayo marejeo. Kama yametawanyika, kuna ya miaka ya 1970, kuna ya ule mradi mkubwa wa FAO na Finland wa miaka ya 1990, kuna ya majuzi, na yako kwenye majarida tofauti, na kila moja lina sentensi inayolihitaji (hili la mavuno, hili la joto la maji, hili la mzunguko wa kuzaa), hiyo ni fani ndogo. Kama 25 yote ni ya miaka miwili iliyopita, yamerundikwa kumi kumi kwenye sentensi moja ya utangulizi inayosema "tafiti nyingi zimefanyika", basi mdogo wangu mhariri ana haki ya kuuliza, hata kama nyie hamkuwa na nia mbaya. Na kama kuna mhakiki wa raundi iliyopita aliwaambia ongezeni pepa hizi sita, na zote sita ni zake, mwambieni mhariri wazi, hiyo nayo ni ujanja unaofanyika na anayebeba lawama ni mwandishi.

Najua utasema mbona wanakuwa wakali hivi kwa watu wadogo. Ni kwa sababu ya viwanda vya pepa. Hivi ni biashara kabisa, wanatengeneza pepa kwa wingi na kuuza nafasi ya jina, jina la kwanza bei yake, la tatu bei yake, na wateja ni watu wanaohitaji machapisho ili wapande cheo. Mwaka 2020 wachunguzi wa picha waligundua pepa zaidi ya 400 zenye picha za protini zilizofanana mno, zimetoka kwa waandishi na hospitali tofauti lakini mandharinyuma yake ni yaleyale. Halafu ikaja ya Hindawi, kampuni ya majarida ambayo wachapishaji wakubwa Wiley waliinunua 2021, wakakuta matoleo maalumu yameingiliwa na wahariri waalikwa na wahakiki wa mchongo, na 2023 peke yake zikaondolewa pepa zaidi ya 8,000 na jina la Hindawi likaachwa. Kiwanda kinahitaji vyote viwili unavyoulizia, wahakiki wa kupanga ili pepa ipite na marejeo ya kupanga ili mteja mwingine afaidike, kwa hiyo mhariri akiona vyote viwili kwenye pepa moja anawaza kiwanda moja kwa moja. Ninamwelewa. Nisichokubali ni kwamba aliyeweka ile fomu ni jarida, aliyeacha imeili zipite bila kukaguliwa ni jarida, na wachapishaji hao wanapokea hela ya pepa za matoleo maalumu, alafu gharama ya usafi inaangukia kwa mtafiti wa Kigoma ambaye hakupewa hata nafasi ya kujieleza.

Mwandikieni mhariri kwa upole. Msibishane naye kuhusu uonevu, mpeni vitu vya kukagua. Kwa kila mhakiki mliyempendekeza wekeni namba yake ya utambulisho wa mtafiti, ORCID, na pepa iliyochapishwa yenye anuani ileile. Kama yupo mliyeandika naye pepa miaka ya karibuni mtoeni, hata kama ni mtu mwadilifu, huyo hafai kuhakiki kazi yenu. Kisha tafuteni nje ya ziwa. Lumbu, aina mojawapo ya dagaa wetu, walipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaitwa sambaza, wakapelekwa Kariba miaka ya 1960 wakaitwa kapenta, kwa hiyo kuna watafiti Rwanda, Zambia na Zimbabwe ambao wamevua, wamepima na wameandika kuhusu ndugu wa samaki wenu miaka na miaka bila kuwa kwenye miradi yenu. Pendekezeni wawili wa huko, na muulizeni mhariri ni marejeo gani hasa yanamsumbua, ayataje, nanyi mumweleze moja moja lipo kwa kazi gani. Akikataa kuyataja, pelekeni pepa jarida lingine na hao wahakiki wapya, na hayo maelezo ya marejeo wekeni kwenye barua ya kwanza kabisa.