Kava mbili, slaidi zilezile: jaribio linasema kweli lini?

"Nauza madera Instagram, wafuasi elfu tatu na ushee. Kila karuseli nasumbuka na slaidi ya kwanza. Nikiposti kava mbili tofauti nione ipi inawafanya watu watelezeshe zaidi, nitajifunza kitu au napoteza muda?"

Utajifunza, ila kwa masharti ambayo wengi tunayaruka.

Anza na unachokihesabu. Mtu anaweza kulaiki karuseli yako bila kugusa slaidi ya pili, kwa hiyo laiki hazikwambii nani aliteleza. Mimi huweka alama kwenye slaidi ya mwisho tu: "Tuma neno PAMBA upate bei" kwa kava ya kwanza, na "Tuma neno UPEPO" kwa kava ya pili. Maneno hayo hayatajwi kwenye maelezo ya posti wala kwenye storisi. Anayelituma kwenye inboksi amefika mwisho. Si hesabu ya wote walioteleza, bali ya walioteleza wakavutiwa, na kwa muuza dera hao ndio wa maana.

Mwaka jana nilifanya hivyo kwa dada mmoja wa Kariakoo. Kava ya kwanza ilikuwa dera la bluu limetundikwa kwenye henga, na maandishi "Madera ya pamba, 25,000". Ya pili ilikuwa mkono unaukunja ukingo wa kitambaa kuonyesha mshono, na maandishi "Dera linachuja? Angalia hapa kwanza". Slaidi nyingine zote zilifanana. Tuliposti Alhamisi moja, kisha Alhamisi iliyofuata, saa ileile, na kila moja ikawafikia watu kama 1,200. PAMBA zikaja 9, UPEPO 14. Dada akafurahi, akataka kava zake zote ziwe za maswali.

Nilimwomba asubiri. Kuna kipimo chepesi kinachofaa pale posti mbili zinapofikia watu karibu sawa: jumlisha majibu, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa mbili. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, inaweza kuwa bahati tu. Kwetu 9 na 14 ni 23, kipeuo chake ni kama 4.8, mara mbili ni 9.6. Tofauti yetu ilikuwa 5. Zingekuwa 90 na 140, kipimo kingekuwa kama 30, na tofauti ya 50 ingekipita kwa mbali.

Halafu kulikuwa na kalenda. Alhamisi ya pili ilikuwa mwisho wa mwezi, mishahara imeingia. Mwezi uliofuata tuligeuza mpangilio, kava ya swali ikatangulia, na majibu yakawa 11 kwa UPEPO na 12 kwa PAMBA. Ushindi wa mwanzo ukayeyuka.

Kwa hiyo wanaosema akaunti ndogo isihangaike na majaribio wana hoja nzito. Posti za kawaida hazigawi watazamaji kwa bahati nasibu. Na Instagram huweza kumrudishia mtu karuseli aliyoipita, safari hii ikianzia slaidi ya pili. Mtu huyo hakuvutwa na kava yako hata kidogo, lakini jibu lake linahesabiwa kwa kava.

Upande wa pili nao una hoja, na mimi niko karibu nao zaidi. Bila jaribio, anayechagua kava ni jicho la mwenye duka, na jicho hilo limeshaizoea bidhaa. Njia ya akaunti ndogo ni kujaribu aina ya kava badala ya kava moja: bei upande mmoja, swali upande mwingine, zikipishana kwa posti kumi au kumi na mbili, kisha unajumlisha kila kundi. Tofauti kati ya kava iwe ya kuonekana. Kubadilisha rangi ya maandishi hakutatoka kwenye hesabu ndogo kama hizi.

Mwenye hela kidogo ya tangazo atumie jaribio la A/B ndani ya Ads Manager, zana ya Meta ya kuendesha matangazo ya Instagram, kwa sababu pale watazamaji hugawanywa kwa bahati nasibu na mtu haoneshwi kava zote mbili. Ukiyaweka matangazo mawili kwenye kundi moja bila jaribio hilo, mfumo huelekeza hela kwa linaloanza vizuri kabla lingine halijapata nafasi. Zima pia chaguo linalopanga upya slaidi za tangazo kwa kutanguliza zinazofanya vizuri, la sivyo kava unayoijaribu inaweza kuondolewa mbele.

Na ukipata mshindi, fuata majibu hadi kwenye malipo. Katika zile raundi mbili, waliotuma UPEPO walikuwa 25 na walionunua 4. PAMBA walikuwa 21, wakanunua 7. Namba hizi nazo ni ndogo mno kutoa hukumu, lakini zilitosha dada abakize bei kwenye kava wakati tunaendelea kuhesabu.