Watumiaji hai wa siku 28: hesabu kamili au makadirio?

«Makadirio yanakosea chini ya asilimia moja tu, kwa nini tuhangaike na hesabu kamili?» Swali hilo huzuka karibu kila mara timu ya data inapoanza kuchora mstari wa watumiaji hai wa siku 28, yaani idadi ya watu tofauti walioonekana angalau mara moja katika dirisha la siku 28 linaloishia siku husika. Kwa upande wangu naona makadirio yana nafasi yake, lakini nafasi hiyo si mstari mkuu wa dashibodi, na hoja ya kasi inayotolewa kuyatetea hapo haina nguvu kama inavyodhaniwa.

Ugumu wenyewe unatokana na neno «tofauti», kwa sababu tunahesabu watu tofauti na si matukio. Idadi ya leo haipatikani kwa kujumlisha idadi za siku 28, kwani mtu aliyeingia siku ishirini angehesabiwa mara ishirini. Wala haitoshi kuchukua idadi ya jana, kuongeza waliokuja leo na kuwatoa waliokuwapo siku iliyotoka dirishani, maana wengi wa hao wa siku ya zamani wamerudi tena katikati. PostgreSQL nayo haikuachii njia ya mkato: ukiandika `COUNT(DISTINCT user_id) OVER (...)` inakujibu `DISTINCT is not implemented for window functions`. Basi wengi huunganisha kalenda na jedwali la shughuli, kila tarehe ikivuta siku zake 28, kisha huhesabu wasiojirudia kwa kila tarehe. Jibu ni sahihi, ila kila mstari wa data unasomwa katika madirisha 28. Tuseme huduma ina mistari milioni 2 kwa siku, mmoja kwa kila mtumiaji aliyeingia siku hiyo. Mwaka mmoja ni mistari milioni 730, na muungano huo na kalenda unaitanua hadi kupita bilioni 20 kabla haijaanza kuondoa marudio.

Hapo ndipo HyperLogLog huingia. Njia hii ya kukadiria, iliyochapishwa mwaka 2007 na Philippe Flajolet na wenzake, hupitisha kila kitambulisho katika heshi ili kupata nambari inayoonekana kama ya bahati nasibu. Biti chache za nambari hiyo huchagua rejista moja, na rejista huhifadhi jambo moja tu: katika biti zilizobaki, ni mfululizo gani mrefu kuliko yote wa sifuri za mwanzo uliowahi kuonekana. Mfululizo mrefu hutokea kwa nadra, kwa hiyo ukiwapo ni dalili kwamba watu wengi wamepita. Mtu akirudi kesho, heshi yake ni ileile na rejista haibadiliki. Ndiyo maana muhtasari wa siku moja, yaani rejista zake zote, unaunganika na wa siku nyingine bila kumhesabu mtu mara mbili: kwa kila rejista unachukua tu thamani iliyo kubwa.

Kosa la kawaida la makadirio haya ni 1.04 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya rejista. Kwa rejista 16,384, ambazo ndizo zinazotumiwa na Redis katika kilobaiti 12, kosa ni takribani asilimia 0.81. Mwaka mzima wa mihtasari ya kila siku hauzidi megabaiti 5, na dirisha lote linapatikana kwa hoja fupi yenye kiendelezi cha `hll` katika PostgreSQL:

```sql
SELECT siku,
       hll_cardinality(hll_union_agg(watu) OVER (
         ORDER BY siku
         RANGE BETWEEN INTERVAL '27 days' PRECEDING
                   AND CURRENT ROW))
FROM muhtasari_siku;
```

Mambo mawili hapa huwapotosha watu kimyakimya. La kwanza ni kuandika `ROWS 27 PRECEDING` badala ya `RANGE`. `ROWS` huhesabu mistari, si siku. Kundi dogo likikosa data siku tatu, dirisha lake linarudi nyuma siku 31 na idadi inavimba bila onyo lolote. La pili ni kwamba kiendelezi hicho, kisipoambiwa vingine, hutumia rejista 2,048, na kosa lake la kawaida ni asilimia 2.3. Anayenukuu asilimia 0.81 huku akitumia mpangilio huo ananukuu kosa la chombo kingine.

Tuchukue kwamba mpangilio ni sahihi na watumiaji hai ni milioni 6. Asilimia 0.81 ni watu 48,600, na hilo ni kosa la kawaida, si ukomo wa juu. Takribani mara moja katika kila tatu makadirio hukosea zaidi ya hapo. Dirisha la siku 28 huenda polepole kwa asili yake, na badiliko la kweli la siku moja linaweza kuwa watu elfu kumi au kumi na tano. Watetezi wa makadirio wana jibu zuri, na lina haki ya kusikilizwa: makosa ya jana na ya leo hayajitegemei, kwa kuwa madirisha hayo mawili yanashirikiana siku 27 na karibu watu walewale wenye heshi zilezile, kwa hiyo yanaelekea upande mmoja na mwendo wa mstari haupotei. Nakubali. Lakini kinga hiyo inapungua kadiri watu wa madirisha mawili wanavyoachana. Ukilinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, au mkoa mmoja na mwingine, makosa yanakaribia kuwa huru na tofauti inabeba kosa la takribani asilimia 1.15 ya idadi yenyewe. Ulinganisho wa namna hiyo ndio viongozi wanaoufanya zaidi.

Kama kusingekuwa na njia nyingine ya haraka, ningesema tuyavumilie. Lakini ipo, nayo ni kamili. Badala ya kuuliza kila siku ni nani wamo dirishani, tunauliza kila mtumiaji aliingia lini kundini na akatoka lini. Chukua mtumiaji mmoja aliyeonekana tarehe 1, 5 na 20 Machi, kisha 25 Aprili. Tarehe 1 Machi anaongeza moja. Tarehe 5 na 20 hazibadilishi kitu, kwa sababu tayari yumo. Baada ya tarehe 20 anapotea kwa siku 36. Dirisha la mwisho linalomgusa ni lile linaloishia 16 Aprili, kwa hiyo tarehe 17 Aprili anapunguza moja. Tarehe 25 Aprili anarudi na kuongeza moja, na asipoonekana tena atapunguza moja tarehe 23 Mei. Ukikusanya nyongeza na punguzo za watu wote kwa kila tarehe, ukazijumlisha mfululizo tangu mwanzo, unapata idadi ya kila siku:

```sql
WITH s AS (
  SELECT siku,
         LAG(siku)  OVER w AS kabla,
         LEAD(siku) OVER w AS baada
  FROM shughuli_siku
  WINDOW w AS (PARTITION BY user_id ORDER BY siku)
), m AS (
  SELECT siku, 1 AS badiliko FROM s
  WHERE kabla IS NULL OR siku - kabla > 28
  UNION ALL
  SELECT siku + 28, -1 FROM s
  WHERE baada IS NULL OR baada - siku > 28
)
SELECT siku, SUM(SUM(badiliko)) OVER (ORDER BY siku)
FROM m GROUP BY siku ORDER BY siku;
```

Safu ya `siku` iwe ya aina ya `date`, na matokeo yakatwe yasivuke leo, kwa kuwa punguzo za wiki nne zijazo tayari zimo. Historia nayo ianze tangu mwanzo wa huduma, au siku 27 za kwanza zitupwe, la sivyo mstari utaonekana ukipanda pale ambapo dirisha linajaa tu. Gharama kubwa ni kupanga mistari kwa mtumiaji na tarehe. Kila mstari unapitiwa mara moja, si mara 28, na dirisha la siku 90 halina gharama zaidi ya la siku 7. Kwa mstari mkuu unaochorwa usiku mmoja baada ya mwingine, sioni sababu ya kupendelea makadirio mbele ya njia hii.

Udhaifu wake unaonekana data inapochelewa, na kwa programu za simu huchelewa kweli, kwa sababu simu isiyo na mtandao hutunza matukio na kuyatuma baadaye. Turudi kwa mtumiaji wetu. Tuseme tarehe 28 Aprili inafika taarifa kwamba alitumia programu tarehe 30 Machi. Kutoka 30 Machi hadi 25 Aprili ni siku 26, kwa hiyo kumbe hakuwahi kutoka kundini: punguzo la 17 Aprili na nyongeza ya 25 Aprili yote mawili yanafutika, na idadi ya siku nane ambazo zimekwisha kutangazwa inapanda kwa moja. Ukikokotoa upya historia ya mtumiaji huyo hakuna tatizo. Lakini timu nyingi, zikitafuta kasi zaidi, huweka jedwali linalokumbuka tu siku ya mwisho ya kila mtu. Jedwali hilo linatosha kwa idadi ya leo, ila taarifa iliyochelewa hailigusi hata kidogo, kwa kuwa siku ya mwisho inabaki 25 Aprili, na zile siku nane zinabaki na upungufu daima. Kwa HyperLogLog jambo hili ni jepesi: unamwongeza katika muhtasari wa 30 Machi, unaunganisha upya, basi.

Makadirio yana ushindi wa pili, ambao naupa uzito zaidi. Mchambuzi akitaka idadi kwa nchi, kwa toleo la programu na kwa aina ya simu, njia kamili inahitaji kukimbia upya kwa kila mchanganyiko, kwani mtu anaweza kutoka kundini kwenye simu huku bado yumo kwenye kompyuta. Mihtasari ya vikundi vidogo, kinyume chake, huunganishwa kwa namna yoyote papo hapo. Lakini inaunganishwa tu, haikatishwi ili kupata walio katika vikundi vyote viwili. Tuseme milioni 1 wanatumia simu, milioni 1 kompyuta, na muungano wao ni 1,950,000. Walio kotekote ni 50,000, na ukiwatafuta kwa kutoa, kosa la muungano peke yake ni takribani 15,800, karibu theluthi ya jibu lenyewe. Kwa swali la namna hiyo ramani za biti za aina ya Roaring, ambazo ni kamili na zinakubali kukatishwa, zinastahili nafasi zinayoichukua kwenye diski.

Kwa hiyo ningeweka nyongeza na punguzo kwa mstari mkuu, na HyperLogLog kwa uchunguzi wa vikundi, kila nambari ya makadirio ikiwa na alama inayoonekana, ili mtu asije akajumlisha mikoa na kuuliza kwa nini haifiki jumla. Mara moja kwa wiki mstari mkuu ukokotolewe tangu mwanzo na kulinganishwa na uliotangazwa. Tofauti ikijikusanya katika wiki chache za karibuni na kufifia nyuma yake, ni data iliyochelewa. Ikianza siku moja na kubaki kiwango kilekile hadi leo, kuna punguzo au nyongeza iliyoandikwa mara mbili siku hiyo, na utafutaji uanzie hapo.