Kadi Kubwa Inachora, Kadi Ndogo Inapeleka: Fremu Hupotelea Wapi?

Rafiki yangu mmoja alisikia kwamba kadi ndogo ya michoro, ile iliyomo ndani ya prosesa, huipunguzia kasi laptopu ya michezo. Akafungua `Device Manager`, akaizima. Alitarajia fremu ziongezeke. Badala yake mwanga wa skrini ukagoma kurekebishika, mchezo ukakataa kufunguka vizuri, na pale palipokuwa na jina la kadi pakatokea `Microsoft Basic Display Adapter`. Alidhani ameharibu mashine. Hakuwa ameharibu chochote; alikuwa amekata daraja ambalo picha zote zilipitia.

Katika laptopu nyingi zenye kadi mbili, yaani ndogo hiyo na kubwa inayojitegemea, waya wa skrini haujaungwa kwenye kadi kubwa hata kidogo. Umeungwa kwenye kadi ndogo. Kadi kubwa huchora fremu ndani ya kumbukumbu yake, kisha fremu hiyo hunakiliwa kupitia njia ya PCIe hadi kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, na kadi ndogo ndiyo inayoichukua hapo na kuipeleka kwenye skrini. Mpangilio huu ulienea baada ya NVIDIA kuleta teknolojia yake ya Optimus mwaka 2010, na wakati huo ulionekana kuwa nafuu kubwa, kwa sababu kadi kubwa iliweza kulala usingizi kabisa mtu anapoandika barua na betri ikadumu. Kabla ya hapo baadhi ya laptopu zilikuwa na swichi ya kuhamisha skrini kutoka kadi moja hadi nyingine, lakini ilikuwa ya usumbufu. MacBook Pro ya mwishoni mwa 2008, kwa mfano, ilimlazimu mtumiaji atoke kwenye akaunti yake kwanza. Basi swichi ikaondolewa kwa jina la maendeleo, na baada ya miaka ikarudishwa, pia kwa jina la maendeleo. Hiyo ndiyo maltipleksa, ambayo kwenye menyu nyingi huandikwa `MUX Switch`: chombo cha kuchagua ni kadi ipi itakayoshika waya wa skrini.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama swichi hiyo inaongeza fremu kweli. Jibu langu ni kwamba inaongeza, lakini faida yake inategemea mno mchezo wenyewe, na wengi wanaoisifu huitazama pale tu inapong'aa.

Tuchukue hesabu. Fremu moja ya 1920 kwa 1080, yenye baiti 4 kwa kila nukta, ni takriban megabaiti 8.3. Mchezo ukienda kwa fremu 300 kwa sekunde, hizo ni karibu gigabaiti 2.5 kila sekunde zinazovuka PCIe, zinaandikwa kwenye kumbukumbu kuu, kisha zinasomwa tena huko huko ili zifike kwenye skrini. PCIe ya kizazi cha 3 yenye njia 8 hubeba karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, kwa hiyo barabara haijajaa, ila data za mchezo wenyewe nazo zinapita humo humo. Hapa pana jambo ambalo watu husahau: kumbukumbu kuu hiyo ndiyo prosesa inayoitegemea, na laptopu yenye kipande kimoja tu cha RAM inakuwa na nusu ya upana wa ile yenye vipande viwili vya aina hiyo hiyo. Mimi ningeanza kuongeza kipande cha pili kabla ya kulalamikia swichi.

Sasa tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba safari hiyo ya ziada inaongeza nusu milisekunde katika kila fremu. Mchezo mzito unaochukua milisekunde 16 kuchora fremu moja utashuka kutoka fremu 62.5 kwa sekunde hadi 60.6, na hakuna jicho litakaloona. Mchezo mwepesi wa mashindano unaochukua milisekunde 4 utashuka kutoka fremu 250 hadi 222. Ushuru ni ule ule, lakini mmoja amepoteza fremu mbili na mwingine ishirini na nane. Katika mashine halisi hesabu haiwi safi hivyo, kwa kuwa kadi kubwa ina sehemu maalumu ya kunakili inayofanya kazi huku uchoraji ukiendelea, na ndiyo maana wakati mwingine hasara huonekana zaidi katika kuchelewa kwa picha baada ya kubonyeza kitufe kuliko katika idadi ya fremu. Mwelekeo wake, hata hivyo, haubadiliki: kadiri fremu zinavyokuwa nyingi, ndivyo swichi inavyokuwa na maana.

Mwelekeo huo unakupa kipimo kizuri. Chomeka chaja, zima `V-Sync` na ukomo wowote wa fremu, kisha endesha jaribio lililomo ndani ya mchezo mara tatu ukiwa kwenye `Hybrid`, hali ambayo picha hupitia kadi ndogo. Washa upya ukiwa kwenye `Discrete`, ambako kadi kubwa hushika skrini yenyewe, iache mashine ipoe, urudie mara tatu. Halafu, na hili wengi hawalifanyi, panda hadi mipangilio mizito kabisa na ufanye yote tena. Ikiwa chanzo ni njia ya picha, tofauti kati ya hali hizo mbili itapungua mzigo unapokuwa mzito. Ikibaki kubwa vile vile, tafuta mchawi mwingine. Huenda programu ya mtengenezaji inabadilisha kiwango cha umeme kila unapobadilisha hali ya kadi, nawe ukaisifu swichi kwa kazi isiyo yake.

Kujua skrini yako imeungwa wapi ni rahisi zaidi. Katika `NVIDIA Control Panel`, ukurasa wa `Configure Surround, PhysX` huonyesha kila skrini na kadi inayoishikilia. Usidanganywe na chaguo la `High performance` katika mipangilio ya Windows: hilo huchagua kadi ya kuchora tu, halibadilishi njia ya kufikia skrini.

Asiye na swichi ana mlango wa nyuma. Katika laptopu nyingi tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja kwenye kadi kubwa, hivyo skrini ya nje huikwepa kadi ndogo, mradi uiache skrini hiyo peke yake iwe inawaka. Lakini si zote, na tundu la USB-C la mashine hiyo hiyo linaweza kuwa limeungwa kwenye kadi ndogo. Ukurasa nilioutaja utakuambia, na kwangu mimi ni aibu kwamba mnunuzi hulazimika kununua kwanza ndipo aufungue. Mchoro wa nani ameungwa na nani ulistahili kuchapishwa kando ya jina la kadi.

Tangu 2020 kuna pia Advanced Optimus, inayohamisha skrini bila kuwasha upya; picha huganda kwa muda mfupi, kisha kazi inaendelea. Kwa swichi za zamani kila badiliko ni kuwasha upya, na ukiisahau kwenye `Discrete` kadi kubwa haitalala tena, ukaja kushangaa betri imekwisha ulipokuwa unasoma tu. Yangu ni ya aina hiyo ya zamani. Huiacha kwenye `Hybrid` siku zote, nikaigeuza pale tu ninapocheza michezo myepesi ya kasi nikiwa kwenye chaja. Kwa ile mizito siigusi.