Ukivuka milioni, TRA hawazoi nyongeza yako

Kuna maneno husikika maofisini kila nyongeza za mshahara zikikaribia: "Mimi bora nibaki chini ya milioni, maana nikivuka tu naingia kwenye asilimia thelathini, nitapokea pungufu ya ninachopata sasa." Anayesema hivyo mara nyingi si mjinga wa hesabu. Ameliona jedwali la kodi, ila amelisoma vibaya, na nadhani waajiri wetu wana sehemu kubwa ya lawama.

Kwa Tanzania Bara, kodi ya mshahara inakatwa kwa ngazi. Shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazikatwi chochote. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25, na kinachozidi milioni ni asilimia 30. Neno la kushikilia ni hilo "kinachozidi". Kila kiwango kinagusa pesa zilizomo ndani ya ngazi yake tu, na zile za chini zinabaki na viwango vyake vya zamani hata mshahara wako ukiwa milioni kumi.

Tumchukue mtu wa mshahara wa 1,100,000. Kwanza anakatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 110,000, na makato hayo hutolewa kabla ya kodi. Kinachotozwa kodi ni 990,000. Kodi yake ni 125,500, kwa hiyo anaondoka na 864,500.

Sasa bosi anataka kumwongeza 50,000. NSSF inapanda hadi 115,000, na kinachotozwa kodi kinakuwa 1,035,000. Amevuka. Hapa ndipo hofu inapozaliwa, kwa sababu akilini anapiga hivi: asilimia 25 ya 990,000 ni 247,500, na asilimia 30 ya 1,035,000 ni 310,500. Kodi imepanda kwa 63,000 na nyongeza yenyewe ni 50,000! Kwa hesabu hiyo hata mimi ningeikataa.

Lakini kodi haipigwi hivyo. Kati ya zile 45,000 zilizoongezeka baada ya NSSF, 10,000 zinamalizia ngazi ya asilimia 25 na kukatwa 2,500. Zilizobaki 35,000 ndizo zinazoingia kwenye asilimia 30, nazo zinakatwa 10,500. Kodi yote imepanda kwa 13,000 na kufika 138,500. Mkononi anapata 896,500, yaani 32,000 zaidi ya mwezi uliopita. Na huyo "wa asilimia thelathini", ukigawanya vizuri, analipa kama asilimia 13 tu ya kipato chake kinachotozwa kodi.

Asiyeamini aangalie jedwali la TRA lenyewe. Mstari wa mwisho unasema 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni. Hiyo 128,000 ni jumla ya kodi za ngazi za chini: 20,000, 48,000 na 60,000. Mwenye milioni kamili analipa 128,000, na mwenye milioni na shilingi mia analipa 128,030. Hakuna mahali kodi inaporuka.

Mfumo wa kuruka umewahi kuwepo kwingine. Uingereza, hadi Desemba 2014, ushuru wa kununua nyumba ulitozwa kwa bei nzima: nyumba ya pauni 250,000 ililipiwa asilimia 1, na ikizidi hapo kwa pauni moja tu, bei yote ililipiwa asilimia 3. Ushuru ulitoka pauni 2,500 hadi zaidi ya 7,500. Pale kukwepa kuvuka mstari kulikuwa na akili. Kodi yetu ya mshahara haiko hivyo.

Unaweza kulalamika kwamba asilimia 30 inaanza mapema mno, na hapo tutakubaliana. Huo ni ugomvi mwingine.

Hata mwenye deni la Bodi ya Mikopo, anayekatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, habaki mikono mitupu. Katika kila shilingi 100 ya nyongeza akiwa ngazi ya juu, 10 zinakwenda NSSF, 27 kodi, 15 Bodi. Anabakiwa na 48.

Kwa hiyo kama umepandishwa na pesa ya mkononi imeshuka kweli, mtafute mwizi mwingine kwenye slipu. Huenda makato ya Bodi yameanza mwezi huohuo, au cheo kipya kimekuondolea malipo ya saa za ziada, au mhasibu amekosea. Tatizo ni kwamba slipu nyingi huandika PAYE mstari mmoja na tarakimu moja, bila kuonyesha ngazi. Mwajiri anayetumia kompyuta kukata kodi anashindwaje kuchapisha mistari mitano? Omba mchanganuo huo kwa maandishi, na uanze kwa kulinganisha kipato kinachotozwa kodi cha mwezi huu na cha mwezi uliopita.