Swali la sauti na jibu fupi: kichwa cha makala kiandikweje?

"Siku hizi watu wanaiuliza simu kwa mdomo, swali zima. Je, vichwa vya makala zetu za Kiswahili tuviandike kama maswali na kuweka jibu fupi juu, au tubaki na vichwa vya kawaida?"

Jibu langu ni kwamba swali liwe kichwa cha makala pale tu ambapo makala nzima inajibu swali hilo moja. Makala yenye mambo kadhaa ibaki na kichwa cha kawaida, na maswali yawe vichwa vidogo ndani yake, kila kimoja kikifuatwa papo hapo na jibu la sentensi mbili au tatu. Hata hivyo, wanaopinga vichwa vya maswali wana hoja nzito, na baadhi yake sijaona ikijibiwa vizuri.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba anayeuliza kwa sauti bado husoma kwa macho. Mara nyingi simu hubadili maneno yake kuwa maandishi, kisha humletea orodha ileile ya matokeo ambayo angeipata kama angeandika kwa vidole. Katika orodha hiyo kichwa hukatwa kulingana na upana wa kioo. Ukiandika "Je, ni hatua zipi ambazo mzazi anapaswa kuchukua endapo mtoto wake ataanza kuharisha?", huenda neno linalobeba habari yote likaangukia sehemu iliyokatwa. Hilo ni kweli kabisa, ila tatizo hapo ni swali kuandikwa kwa lugha ya ofisini. Mama mwenye mtoto mgonjwa haongei hivyo. Husema, "Mtoto akiharisha nimpe nini?" Swali hilo lina maneno manne, linaenea kwenye kioo cha simu yoyote, na neno kuu limekuja mapema. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendewa kwa pamoja, kwa hiyo swali la mdomoni mara nyingi huwa fupi kuliko kichwa rasmi.

Tukae na mfano huohuo, kwa sababu jibu fupi ndipo penye ugumu zaidi. Rasimu ya kwanza ya waandishi wengi huanza hivi: "Kuharisha ni tatizo linalowakumba watoto wengi duniani na husababishwa na mambo mbalimbali." Simu ikisoma sentensi hiyo kwa sauti, mama hajapata kitu. Jibu linalofaa huanza na kitendo: "Mpe maji ya ORS kidogo kidogo kila anapoharisha, na uendelee kumnyonyesha au kumlisha. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja." Kwa mwendo wa kawaida jibu hilo halifiki sekunde 20. Google, katika maelekezo ya alama yake iitwayo `speakable`, ambayo ilianzishwa kwa majaribio kwa habari za Kiingereza nchini Marekani, hupendekeza sehemu ya kusomwa kwa sauti iwe ya sekunde 20 hadi 30, yaani sentensi mbili au tatu. Alama yenyewe si ya kutegemewa kwa Kiswahili, lakini kipimo hicho kinafaa, kwa kuwa sikio haliwezi kurudi nyuma kama jicho.

Hapa ndipo ilipo hoja ya pili ya wapinzani, nami naiona nzito kuliko zote: jibu fupi huacha masharti nje, na msikilizaji huenda asifungue makala kabisa. Kwa sababu hiyo dalili za hatari zimo ndani ya jibu, hazikuachwa kwa aya ya sita. Kwa sababu hiyohiyo nimeacha nje kipimo cha kutengeneza maji hayo nyumbani, ambacho ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya usawa. Anayesikia vipimo hivyo mara moja tu, mtoto akilia pembeni, anaweza kuvigeuza, na chumvi ikizidi mtoto huumia zaidi. Vipimo vyenye madhara vikikosewa vikae ndani ya makala, kila kimoja kwenye mstari wake, mahali ambapo mtu anaweza kusoma tena huku ameshika kijiko. Swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa usalama ndani ya sentensi tatu lisipewe jibu fupi. Lipewe sentensi moja inayosema jibu linategemea nini.

Jambo jingine ambalo miongozo ya lugha nyingine haiwezi kutufundisha ni namna tarakimu zinavyosikika. Alama ya nusu, au 1/2, inaweza kusomwa vibaya na sauti ya simu, ilhali neno "nusu" halina utata. Saa ni hatari zaidi. Ukiandika kwamba kliniki hufunguliwa 8:00, sauti ikasema "saa nane", msikilizaji wa Dodoma au Mombasa ataelewa ni mchana na atafika amechelewa saa sita. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno. Katika jibu la kusikilizwa tarakimu zibaki chache, na vifupisho viwe vile tu ambavyo watu huvitamka wenyewe, kama ORS.

Swali likishapatikana, hutamkwa kwa namna nyingi: nimpe nini, nifanyeje, dawa ya kuharisha ni ipi. Wapo wanaotengeneza ukurasa mmoja kwa kila namna, na hapo nakubaliana na wapinzani bila kusita. Kurasa tano zenye jibu moja hushindana zenyewe kwa zenyewe na humchosha msomaji. Ukurasa mmoja unatosha, namna nyingine zikitumika kwa kawaida ndani ya aya.

Kujua watu wanauliza vipi, mwenye tovuti anaweza kutazama ripoti ya utendaji katika Search Console, zana ya Google inayoonyesha maneno ambayo watu walitafuta. Wengi huchuja maswali kwa neno la mwanzo, kama inavyofanywa kwa Kiingereza, na hukosa mengi, kwa kuwa neno letu la kuuliza mara nyingi huja mwishoni. Kichujio cha aina ya Custom (regex) kiandikwe hivi:

```
(je|nini|gani|ngapi|lini|wapi|vipi|ipi)$
```

Kitanasa "nifanyeje" na "nimpe nini", pamoja na takataka kidogo kama maneno yanayoishia na "nje". Ripoti hiyo haitenganishi yaliyosemwa na yaliyoandikwa, na maswali yaliyoulizwa na watu wachache mno hufichwa ili kulinda faragha, kwa hiyo maswali marefu ya sauti ndiyo yanayopotea zaidi. Asiyeona swali kwenye ripoti asihitimishe kwamba haliulizwi.

Pengo hilo huzibwa na watu wanaopokea maswali kila siku. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii au muuzaji wa duka la dawa atakueleza maneno yenyewe wanayotumia akina mama. Jibu likishaandikwa, msomee mtu asiyelijua, mara moja tu, kisha mwombe akueleze atafanya nini. Akisahau kwenda kituo cha afya, sentensi ya pili iandikwe upya.