Kabla hujarudisha mashine ya mkopo, dai kwanza hesabu ya kumalizia

Kuna kitu nakiona sana kwa watu waliochukua mashine kwa lizi, yani kampuni inanunua mashine kwa jina lake, wewe unatoa kianzio unaanza kuitumia, unalipa kila mwezi na ikiisha ndo inakuwa yako. Biashara ikiyumba mtu anasema tu ah, mi narudisha chuma chao tumalizane. Anapakia kwenye Fuso anapeleka, anarudi nyumbani amepumua kabisa, halafu miezi miwili mitatu mbele anapigiwa simu anaambiwa bado unadaiwa milioni nne na kitu. Hapo ndo kelele zinaanza, mara tumeibiwa, mara mbona mashine mnayo.

Maoni yangu nayasema mapema, kurudisha mashine iwe njia ya mwisho kabisa, na hata kama ni lazima usirudishe kabla hujapewa kwa maandishi hesabu ya kumalizia mkataba leo. Sababu iko kwenye hesabu yenyewe, tuipige pamoja.

Chukua mtu wa Singida mwenye mashine ya kukamua alizeti. Bei milioni 30, kianzio katoa milioni 6, kampuni imeweka milioni 24 kwa miezi 24. Riba kaambiwa asilimia 20 kwa mwaka, ile ya kupigwa kwenye mkopo wote bila kujali umeshapunguza kiasi gani (watu wanaiita flati). Kwa hiyo riba ya miaka miwili ni milioni 9.6, jumla anatakiwa kulipa milioni 33.6, na rejesho la kila mwezi ni milioni 1.4. Na hiyo asilimia 20 ya flati msiione ndogo, ukiipiga kwenye salio linalopungua inakaribia 35 kwa mwaka, ila hilo ni somo la siku nyingine.

Kalipa miezi kumi vizuri, jumla milioni 14. Mbegu ikapanda bei, mafuta ya kutoka nje yakajaa madukani, mashine inakaa siku nne haijawashwa na umeme wa fezi tatu unalipiwa. Anataka kutoka. Swali, anadaiwa shilingi ngapi leo?

Inategemea kifungu cha kuvunja mkataba mapema kimeandikwaje, na majibu yako mbali mbali kweli. Mkataba mkali unasema marejesho yote yaliyobaki yanakuwa deni siku hiyo hiyo, miezi 14 mara milioni 1.4, milioni 19.6, yani unalipia na riba ya miezi ambayo hela hutokaa nayo. Mkataba mwingine unagawa riba sawasawa kila mwezi, hapo mtaji uliobaki ni milioni 14 na riba ya mbele inafutwa yote. Katikati kuna hesabu ambayo kampuni nyingi zinaipenda, inaitwa kanuni ya 78, inapakia riba nyingi miezi ya mwanzo. Unajumlisha namba kuanzia 1 mpaka 24 unapata 300, halafu namba za miezi iliyobaki kuanzia 1 mpaka 14 unapata 105, kwa hiyo riba ambayo haijaiva ni 105 gawanya kwa 300 ya ile milioni 9.6, sawa na milioni 3.36. Toa hiyo kwenye 19.6 unabaki na milioni 16.24. Jina linatokana na mkataba wa miezi 12, ukijumlisha 1 mpaka 12 unapata 78.

Umeona? Mashine ile ile, mteja yule yule, deni ni milioni 14 au 16.24 au 19.6 kutegemea sentensi moja ukurasa wa tano ambayo siku ya kusaini hakuna aliyeisoma sababu wote mlikuwa mnaangalia mashine. Kanuni ya 78 siipendi, ila angalau mtu anaweza kuitetea, kweli mwanzoni salio linakuwa kubwa na riba inakuwa nyingi. Ukipiga salio linalopungua kwa usahihi mfano huu unatoka kama milioni 15.9, kwa hiyo 78 inakuongezea kama laki tatu hivi. Ile ya kudai 19.6 yote na bado mashine wachukue, mimi hiyo naiita kula mara mbili, riba ya kipindi ambacho hela imesharudi inatoka wapi? Kama unasoma hii na hujasaini bado, hicho ndo kifungu cha kukomalia, achana na kubembeleza punguzo la ada ya fomu.

Sasa twende kwenye kurudisha. Tuseme mkataba wake ni wa hesabu ya katikati, deni milioni 16.24. Anadhani akipeleka mashine deni limekufa. Hapana, kwenye lizi nyingi mashine ikirudi inauzwa, kilichopatikana kinatolewa gharama, kinachobaki ndo kinapunguza deni. Mashine ya kukamua iliyotumika miezi kumi, imefunguliwa kwenye zege, imeletwa yadi bila mtu wa kuiwasha mnunuzi aione ikitoa mafuta, inauzwa kwa bei ya haraka. Weka milioni 13. Toa usafiri, mthamini, dalali na siku za kukaa yadi, tuseme zote milioni 1.1, inabaki 11.9. Ukitoa kwenye 16.24 bado anadaiwa milioni 4.34 na mashine hana, kianzio cha milioni 6 kimeenda na marejesho ya milioni 14 yameenda. Hapo hatujagusa faini ya kuchelewesha kama alikuwa na miezi ya nyuma.

Sasa fanya kitu tofauti. Mashine bado imefungwa kwako, inafanya kazi, mnunuzi anakuja na gunia lake la alizeti anaona kwa macho inakamua kiasi gani na mashudu yanatoka makavu au yana mafuta. Huyo ndo anatoa milioni 17.5. Ila mashine siyo yako, iko kwa jina la kampuni, ukiiuza kimya kimya umeuza mali ya watu na hiyo ni kesi ya jinai. Kwa hiyo unaandika barua, unaomba hesabu ya kumalizia na ridhaa ya kuuza, mnunuzi analipa moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, kampuni inatoa hati ya kuhamisha umiliki kwake. Tuseme mkataba una ada ya kumaliza mapema asilimia 3 ya salio, hiyo ni shilingi 487,200, jumla ya kulipa 16,727,200. Kinarudi mfukoni 772,800. Siyo hela ya kushangilia, ila linganisha na kudaiwa milioni nne, tofauti inapita milioni tano na mashine ni ile ile.

Na kama hakuna mwenye hela taslimu kuna njia ya tatu ambayo maafisa mikopo hawaitaji mpaka uwaulize, kumhamishia mkataba mtu mwingine. Anakurudishia kiasi fulani cha kianzio mnavyoelewana, anaendelea na miezi 14 yako. Kampuni itamkagua kama mteja mpya na itataka ada. Kubwa la kuangalia hapa ni kwamba jina lako litoke kabisa, maana kuna mikataba ya kuhamisha inayokuacha wewe kama mdhamini wa huyo aliyeupokea, akikwama unarudiwa wewe.

Barua yenyewe iwe fupi. Namba ya mkataba, namba ya mashine kwenye kibati, na ombi la mchanganuo unaoonyesha mtaji uliobaki, riba iliyofutwa, malimbikizo, faini, ada ya kumaliza mapema, na dhamana ya fedha kama uliweka mwanzoni. Hiyo dhamana ni tofauti na kianzio, ni hela yako wameishika tu, na mara nyingi inasahaulika kwenye hesabu mpaka uitaje mwenyewe. Waambie waandike hesabu inaisha tarehe ngapi, sababu salio linasogea kila siku. Usiache kulipa rejesho huku unasubiri majibu, malimbikizo yakianza unahama kutoka mteja anayeomba kumaliza unakuwa mteja aliyevunja mkataba, na vifungu vinavyotumika vinakuwa vingine vikali zaidi.

Ikishindikana kabisa na inabidi irudi, basi irudishe kama mtu anayejua itabishaniwa. Iwashe siku ya kuondoka mbele ya mtu wao, piga video ikifanya kazi huku kibati cha namba kinaonekana. Orodhesha mota, stata, chujio, mkanda, shafti ya kukamulia na vipuri vyote, wasaini hati ya makabidhiano yenye hali ya kila kimoja. Mlinzi wa yadi akikwambia acha tu bosi atasaini kesho, pakia uondoke nayo. Nina shemeji yangu alirudisha mashine ya kuranda mbao Mbeya, kwenye tathmini ikaja kuandikwa mota haipo, na mota ilifika, ila karatasi aliyokuwa nayo ilisema tu "mashine moja imepokelewa". Walibishana muda mrefu na mwisho ilikatwa kwake.

Omba pia haki ya kuleta mnunuzi wako kabla ya mnada na kuambiwa tarehe ya mnada. Kwa wenzetu wa Kenya, sheria yao ya kununua kwa kukodi, Sura ya 507, inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei mwenye mali hawezi kuja kuichukua kwa nguvu bila kupitia mahakamani. Ila kinga hiyo ina mipaka, mkataba usizidi shilingi milioni 4 za Kenya na anayekodi asiwe kampuni, kwa hiyo aliyesaini kwa jina la kampuni yake ndogo asitegemee hilo. Tanzania tuna Sheria ya Ukodishaji wa Fedha ya 2008 inayotambua lizi, lakini hela utakayodaiwa siku ya kutoka mara nyingi inaamuliwa na mkataba uliousaini.

Ukishalipa ya mwisho usiridhike na meseji ya asante. Chukua barua ya kuwa hudaiwi, barua ya kuwaachia wadhamini wako, hati ya kiwanja kama uliweka, na wasitishe makato ya benki. Bima ya mashine kama ulilipia mwaka mzima ulizia kurudishiwa hela ya miezi iliyobaki. Halafu baada ya mwezi au miwili omba taarifa yako kwenye taasisi ya kumbukumbu za mikopo uone mkataba umeandikwa umefungwa. Ukikuta bado unasoma salio, peleka ile barua ya kutodaiwa watoe, ndo maana unaitunza.